Anwani Moja kwa Darasa Zima

Karatasi ya zoezi la seva ikisema "fungua kivinjari, kisha andika http://192.168.56.101", wapo wanachuo watakaoona ukurasa mara moja na wapo watakaoangalia kioo cheupe mpaka wachoke. Waliokwama hawajakosea kitu. Namba hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye mashine ya mkufunzi siku alipoandika zoezi. Kwenye kompyuta zao mashine imepewa .102 au .103, na .101 huenda imeshikwa na mashine ya zoezi la wiki iliyopita ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Muda wa maabara unaliwa na kutafuta namba, na somo lenyewe, tuseme kusanidi seva ya tovuti, halijaguswa.

Tatizo hili linatibika kwa faili moja la mistari saba, likiandikwa mara moja kabla mashine haijagawiwa kwa darasa. Nitaeleza kwa kutumia VirtualBox, programu ya bure inayowezesha kompyuta moja kuendesha kompyuta nyingine ndani yake, na Ubuntu Server ikiwa ndiyo mfumo ulio ndani. Kompyuta halisi iliyo mezani tuiite mwenyeji, na ile iliyo ndani ya VirtualBox tuiite mgeni.

Mgeni anaweza kuunganishwa kwa njia kadhaa. Ile inayotuhusu huonekana kwenye VirtualBox kwa jina la Host-only Adapter. Ukiichagua, VirtualBox hutengeneza mtandao mdogo usiotoka nje ya kompyuta hiyo. Wanaoishi kwenye mtandao huo ni mwenyeji na wageni wake tu. Hauhitaji waya, hauhitaji Wi-Fi ya chuo, na bando likiisha hautikisiki. Laptopu ya jirani haiuoni, na simu yako haiuoni.

Kufungwa huko ndiko kunakoufaa kwa mazoezi, na hapa ndipo wengi hupita haraka bila kuona walichopewa. Kila nyumba ya wageni mjini inaweza kuwa na chumba namba 10 na pasitokee mgongano, kwa sababu anayeulizia chumba namba 10 yuko tayari ndani ya nyumba moja. Vivyo hivyo, kila laptopu ya darasa inaweza kuwa na mgeni mwenye anwani 192.168.56.10, zote zikawaka kwa wakati mmoja chumba kimoja, na hakuna itakayoigusa nyingine. Karatasi inaandikwa mara moja kwa namba moja, nayo inakuwa sahihi kwenye kila meza, mwaka huu na mwaka ujao. Ungejaribu hivyo kwa njia ya Bridged Adapter, inayomwingiza mgeni kwenye mtandao halisi wa chuo, wageni wote wangegombania anwani moja na darasa zima lingekwama.

Sasa namba zenyewe. VirtualBox, isipoguswa, hutumia mtandao wa 192.168.56: sehemu tatu za mwanzo zinautaja mtandao, na ya mwisho inamtaja mkaazi. Mwenyeji huchukua .1. Ndani ya mtandao huo VirtualBox huweka pia mgawaji wa anwani, yaani huduma ya DHCP, ambaye mwenyewe hukaa .100 na hugawa kuanzia .101 hadi .254. Kwa hiyo eneo lisilo na mwenyewe ni .2 hadi .99. Anwani isiyobadilika ichaguliwe humo. Anayechagua .150 anaweza kukaa wiki kadhaa bila shida, mpaka siku mgawaji atakapompa mgeni mwingine namba hiyo hiyo. Hitilafu ya namna hiyo inasumbua sana, maana huja na kuondoka kutegemea nani amewashwa. Mimi hutumia .10 kwa seva na .11 kwa mashine ya pili ya mteja, na sioni sababu ya kutafuta namba za ajabu zaidi ya hizo.

Kabla ya kuandika chochote, mgeni anahitaji kadi mbili za mtandao. Mashine ikiwa imezimwa, fungua Settings, kisha Network. Adapter 1 iache NAT. Hiyo ndiyo njia ya mgeni kutoka kwenda intaneti kupakua vifurushi vya programu. Nenda Adapter 2, weka alama kwenye Enable Network Adapter, na kwenye Attached to chagua Host-only Adapter. Kazi hizi mbili zisichanganywe: kadi ya kwanza ni ya kutoka nje, ya pili ni ya mazungumzo kati ya mwenyeji na mgeni. Mitego mingi nitakayoitaja hutokana na mtu kuitaka kadi moja ifanye kazi ya nyingine.

Washa mgeni, ingia, na uangalie kadi zake:

```
ip -br link
```

Kwenye kompyuta za kawaida za Intel na AMD, Ubuntu huiita kadi ya kwanza `enp0s3` na ya pili `enp0s8`. Tarakimu hizo zinatokana na nafasi ambayo kadi imechomekwa kwenye ubao, hata kama ubao wenyewe ni wa kubuni. Likumbuke hilo, maana litatusaidia mbele. Kama kadi ya pili iliongezwa baada ya Ubuntu kusakinishwa, utaiona `enp0s8` imeandikwa DOWN, haina anwani yoyote. Haijaharibika. Mfumo ulisakinishwa kabla kadi hiyo haijakuwapo, kwa hiyo hakuna faili linaloitaja.

Ubuntu Server hupanga mtandao wake kwa Netplan, inayosoma mafaili yaliyomo `/etc/netplan`. Humo utakuta faili moja lililowekwa wakati wa usakinishaji, mara nyingi `50-cloud-init.yaml`. Liache. Linaweza kuandikwa upya na programu iliyolitengeneza, na kazi yako ikafutika bila taarifa. Tengeneza faili lako, na lipe jina linaloanza na tarakimu kubwa, kwa sababu Netplan husoma mafaili kwa mfuatano wa majina na la mwisho ndilo lenye kauli:

```
sudo nano /etc/netplan/99-maabara.yaml
```

Ndani yake andika hivi:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp0s8:
      dhcp4: false
      addresses:
        - 192.168.56.10/24
```

Nafasi za mwanzo wa mistari ni sehemu ya maana ya faili. Zipigwe kwa kitufe cha nafasi, si kwa Tab. Netplan hukataa Tab. Mstari wa `dhcp4: false` unaonekana hauna kazi, lakini usiuondoe. Kama faili la usakinishaji limeshaiambia `enp0s8` iombe anwani kwa DHCP, Netplan huunganisha maagizo ya mafaili yote mawili, na bila mstari huo mgeni ataishia na anwani mbili kwenye kadi moja: .10 yako na .101 ya mgawaji. Zote zitaitika, na mwanachuo ataandika kwenye ripoti yake ile isiyo sahihi. Ile `/24` nayo ni ya lazima, kwani ndiyo inayosema kwamba sehemu tatu za mwanzo ni za mtandao.

Lifunge faili lisisomwe na kila mtu, la sivyo Netplan italalamika, kisha ulijaribu:

```
sudo chmod 600 /etc/netplan/99-maabara.yaml
sudo netplan try
```

Amri ya `netplan try` huyatekeleza mabadiliko na kukusubiri sekunde 120. Ukibonyeza Enter, yanabaki. Usipobonyeza, mfumo unarudi ulivyokuwa. Kwa anayefanya kazi hii akiwa ameingia kwa SSH, sekunde hizo ndizo zinazomwokoa asijifungie nje.

Kuna mstari ambao nimeuacha kwa makusudi: wa lango, yaani njia ya kutokea kwenda mitandao mingine. Mtu aliyezoea kupanga anwani kwenye mtandao wa ofisi ataona pengo hapo na atataka kulijaza kwa 192.168.56.1, kwa kuwa kila anwani aliyowahi kuiandika ilikuwa na lango lake. Hapa halitakiwi. Mwenyeji hapitishi mizigo ya mgeni kwenda intaneti kupitia mtandao huu, na mtandao wenyewe umeundwa usitoke. Dalili ya kosa hili ni ya kuchanganya: mwenyeji anampata mgeni vizuri, SSH inafanya kazi, lakini `sudo apt update` inaganda. Angalia kwa `ip route`. Ukiona mistari miwili inayoanza na neno `default`, umepata chanzo. Njia iliyoandikwa kwa mkono bila kutajiwa uzito huhesabiwa uzito wa sifuri, ile ya NAT iliyopatikana kwa DHCP ina uzito wa 100, na mfumo hufuata yenye uzito mdogo. Kila kinachotaka kutoka kinapelekwa kwenye mlango usiofunguka. Mpangilio ulio sawa una `default` moja tu, inayopita 10.0.2.2 kwenye `enp0s3`.

Sasa hakikisha. Ndani ya mgeni, `ip -br -4 addr` ionyeshe 10.0.2.15 kwenye `enp0s3` na 192.168.56.10 kwenye `enp0s8`. Halafu nenda kwa mwenyeji, fungua dirisha la amri, na upige:

```
ping 192.168.56.10
```

Matokeo ya ping yana mambo mengi kuliko ndiyo na hapana, na mkufunzi anayejua kuyasoma huokoa nusu saa. Kwenye Windows, mwanachuo ataita, "Mwalimu, inajibu lakini ukurasa haufunguki." Usiishie kusikia neno "inajibu". Soma mstari wote. Mara nyingi utakuta hivi:

```
Reply from 192.168.56.1: Destination host unreachable.
```

Aliyejibu hapo ni .1, yaani kompyuta yake mwenyewe, ikimwambia kwamba imeita .10 kwenye mtandao na hakuna aliyeitika. Chini kabisa Windows itahesabu majibu hayo kuwa yamepokelewa, na kuandika kwamba hakuna kilichopotea. Anayesoma muhtasari peke yake ataamini mtandao ni mzima. Ujumbe huu maana yake mgeni hayupo kwenye namba hiyo: hajawashwa, kadi ya pili haijawezeshwa, au faili la Netplan lina kosa.

Ukiona `Request timed out`, shaka ihamie kwenye kinga: mara nyingi huwa yupo mtu upande wa pili ila amekataa kujibu. Ni jambo la kawaida kabisa kwa upande wa kurudi. Mgeni akimpigia ping mwenyeji wa Windows, kinga ya Windows huinyamazia, ingawa mwenyeji anampata mgeni bila tatizo. Hilo si kosa la mtandao na halihitaji kurekebishwa kwa zoezi ambalo mwenyeji ndiye anayeanza mazungumzo. Na kivinjari kikisema muunganisho umekataliwa, furahi, kwa sababu anwani imefanya kazi yake yote. Ujumbe umefika kwa mgeni, na mgeni amejibu kwamba hakuna huduma inayosikiliza hapo. Tatizo lililobaki ni la somo la siku hiyo, na mwanachuo alitatue mwenyewe.

Mashine ikishakuwa tayari, inagawiwa. Izime kabisa, kisha itoe kwa File, Export Appliance, upate faili la `.ova` linalonakilika kwa flashi. Faili la Netplan limo ndani ya mgeni, kwa hiyo linasafiri naye. Ule mfuatano wa majina ya kadi ndio unaofaa hapa. VirtualBox inapoingiza `.ova` kwenye kompyuta nyingine, kwa kawaida huipa kadi ya mtandao huu wa ndani namba mpya ya MAC. Kama maagizo yako yangeifunga anwani kwenye namba ya MAC, yangevunjika kwenye kila laptopu. Kwa kuwa umeandika `enp0s8`, jina linalotokana na nafasi ya kadi, anwani inabaki palepale. Kagua pia lile faili la usakinishaji: kama lina mistari ya `match` na `macaddress` kwa `enp0s8`, iondoe kabla ya kutoa nakala.

Njia ya kuweka anwani upande wa VirtualBox ipo pia. Mgawaji wake anaweza kuagizwa ampe mgeni fulani namba fulani kila mara, akimtambua kwa MAC. Inafaa kwa mtu mmoja na kompyuta yake moja. Kwa darasa siipendekezi, kwa sababu iliyo wazi sasa: agizo hilo linakaa kwa mwenyeji, halisafiri na `.ova`, na MAC ikibadilika halina maana tena.

Kinachoweza kukwama baada ya kuingiza ni jina la mtandao kwa upande wa mwenyeji. Kwenye Linux huitwa `vboxnet0`, kwenye Windows huitwa `VirtualBox Host-Only Ethernet Adapter`. Mashine iliyotolewa kwenye Linux ikifika Windows itatafuta `vboxnet0`, haitaipata, na haitawaka. Mwanachuo afungue Settings, Network, Adapter 2, na achague jina lililopo kwenye orodha. Mstari huu uwe wa kwanza kwenye karatasi ya zoezi.

Zoezi linalohitaji mashine mbili, tuseme seva na mteja, lina hatari yake. Ukinakili seva ili upate mteja, nakala inabeba na .10. Zikiwashwa zote mbili, ping itaitika, ila utakayemfikia leo si utakayemfikia baada ya dakika kumi. Washa nakala peke yake kwanza, ubadilishe iwe .11, ndipo uwashe ya pili. Wapo wanaodhani wangebaki na DHCP wangeepuka hili. Ubuntu hujitambulisha kwa mgawaji kwa kitambulisho kinachotokana na faili la `/etc/machine-id`, na nakala hubeba faili hilo pia, kwa hiyo mashine mbili zinaweza kupewa anwani moja na mgawaji anayedhani anaongea na mtu mmoja.

Anwani inapokuwa moja siku zote, SSH huanza kuitambua. Mara ya kwanza mwanachuo anapoingia `ssh` kwenda .10, kompyuta yake huhifadhi alama ya seva hiyo. Zoezi la mwezi ujao likija na mashine mpya kwenye .10, SSH itakataa kwa maandishi makubwa, `REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`, na wengine watadhani wamevamiwa. Kwenye maabara ambayo umebadilisha mashine kwa mkono wako, futa alama ya zamani kwa `ssh-keygen -R 192.168.56.10` na uendelee. Lakini waambie wanachuo wazi kwamba onyo hilo hilo likitokea kwenye seva halisi, ambayo hakuna aliyeibadilisha, wasilifute. Waulize kwanza.

Kabla ya somo la kwanza, kila mmoja achukue Snapshot ya mashine ikiwa imezimwa. Ikichukuliwa wakati mashine inaendelea kufanya kazi, itarudi na saa ya zamani na hali ya mtandao ya wakati ule. Iliyozimwa huwaka upya, inasoma `99-maabara.yaml`, na inakaa .10. Mwanachuo aliyeharibu kila kitu anabonyeza Restore na kuanza zoezi upya palepale mwenzake alipoanzia.

Mpangilio huu una mipaka yake. Wanachuo wawili hawawezi kutembeleana seva zao kwa njia hii, na zoezi la aina hiyo lataka mtandao mwingine. Na kama chuo chenyewe kinatumia 192.168.56 kwenye mtandao wake halisi, kompyuta yenye VirtualBox itaacha kuiona printa au tovuti ya ndani iliyo na namba hizo, kwa kuwa itazitafuta ndani yake yenyewe. Hamia 192.168.57. Kwenye Linux, tangu toleo la 6.1.28 la mwaka 2021, VirtualBox hairuhusu mtandao huu uvuke 192.168.63.255 mpaka uandike ruhusa kwenye `/etc/vbox/networks.conf`, kwa hiyo usiruke mbali pasipo sababu.

Mkufunzi mwenye karatasi iliyoandikwa .101, aifungue leo: aibadilishe iwe .10, aongeze juu kabisa mstari wa kuchagua jina la kadi kwenye Adapter 2, kisha atoe `.ova` mpya na aijaribu kwenye kompyuta isiyo yake kabla ya kuipeleka darasani.